Majibu Yanayofika Daktari Akiwa Ameshaondoka

Makohozi yakiingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, majibu ya kifua kikuu huweza kutoka ndani ya saa 2. Makohozi ya mgonjwa huyohuyo yakipelekwa kuoteshwa, ili bakteria wakue hadi waonekane, jibu la mwisho huweza kusubiriwa hadi wiki 6. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe husubiri zamu yake kwa mtaalamu wa patholojia, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Damu ya anayemeza warfarini hujibiwa siku hiyohiyo, ila jibu lake huchakaa upesi na baada ya siku chache hupimwa tena. Daktari anayeshika nafasi ya mwenzake kwa wiki 2 huagiza vipimo vya namna zote hizi, kisha muda wake huisha, hukabidhi funguo na kuondoka. Majibu huendelea kuja.

Madaktari humwita lokamu: tabibu aliyeajiriwa kwa siku chache kukaimu nafasi ya mwenyeji aliyekwenda likizo, masomoni, uzazi au kuuguza. Kazi yake ya mwisho ni kuandika barua ya makabidhiano. Katika zahanati nyingi barua hiyo huandikwa jioni ya siku ya mwisho, begi likiwa limeshafungwa, na matokeo yake ni nusu ukurasa wenye maneno kama “wagonjwa wote wanaendelea vizuri, tafadhali fuatilia majibu.” Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala uongo ndani yake, na haimsaidii mtu yeyote.

Ukubwa wa tatizo ulionekana wazi huko Boston, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Watafiti walifuatilia wagonjwa 2,644 walioruhusiwa kutoka hospitali 2 za kufundishia. Asilimia 41 kati yao walirudi nyumbani huku kipimo kimoja au zaidi hakijajibiwa. Karibu jibu 1 kati ya 10 kati ya yale yaliyochelewa lilikuwa na uwezekano wa kubadilisha matibabu. Madaktari walipoulizwa kuhusu majibu ya aina hiyo, katika visa 6 kati ya 10 hawakuwa na habari kwamba yameshatoka. Hizo ni hospitali zenye kompyuta na makarani. Kwenye zahanati ya mji mdogo, ambako majibu huja kwa simu, kwa karatasi iliyokunjwa au kupitia dereva wa basi, nafasi ya jibu kupotea njiani haiwezi kuwa ndogo zaidi.

Lokamu mwenyewe si daktari wa daraja la chini. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017, pia Marekani, ulilinganisha vifo vya wazee waliotibiwa hospitalini na madaktari wa kukaimu na wale waliotibiwa na madaktari wa kudumu. Ndani ya siku 30 tofauti ya jumla ilikuwa ndogo mno, asilimia 8.83 kwa 8.70, isiyotosha kusema kundi moja limelizidi jingine. Lakini katika hospitali ambazo hazikuzoea kutumia lokamu, wagonjwa wao walikufa zaidi. Mwandishi wa makala haya anaona hapo dokezo zito. Mahali palipozoea wageni huwa pameshajenga utaratibu wa kuwapokea na kupokea kazi kutoka kwao. Mahali pasipozoea, kila mtu hudhani mwenzake anajua.

Ili kuona barua nzuri inavyofanya kazi, tuchukue zahanati ya binafsi mjini Muheza, mkoani Tanga. Zahanati hii na wagonjwa wake ni mfano uliotungwa kwa kukusanya mambo ambayo matabibu hukutana nayo kila siku. Mwenyeji alisafiri kwa wiki 2. Lokamu anamaliza Ijumaa tarehe 20, na mwenyeji anarudi Jumatatu tarehe 23. Katika wiki hizo lokamu ameona wagonjwa zaidi ya 100: mafua, malaria, vidonda, presha. Wengi wao hawana haja ya kutajwa, kwa sababu shauri lao limekwisha na faili linajieleza. Barua inataja watu 4 tu. Kuwachagua hao 4 na kuwaacha wengine ni nusu ya kazi yenyewe, maana msomaji akipewa majina 30 atayapitia yote kwa jicho moja la haraka.

Wa kwanza kwenye orodha ni mama wa miaka 38 mwenye vali ya bandia ya chuma upande wa kushoto wa moyo, ile iitwayo mitrali. Vali yake ya asili iliharibiwa na ugonjwa wa moyo ulioanzia utotoni, na tangu upasuaji anameza warfarini miligramu 5 kila usiku ili damu isigande kwenye chuma. Kipimo chake kinaitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hiyo huwa na INR karibu na 1, na mwenye vali kama yake hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini ya hapo, bonge la damu linaweza kuota kwenye vali, likakatika na kupanda ubongoni. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu bila hata kujikwaa.

Ijumaa tarehe 13 mama huyu alikuja akiharisha damu, na choo kikaonyesha amiba. Alihitaji metronidazoli. Dawa hiyo huzuia ini lisiivunje warfarini kwa kasi yake ya kawaida, hivyo kidonge kilekile cha miligramu 5 huanza kuwa na nguvu kupita kiasi. Lokamu alilijua hilo, akapima INR kabla ya kuanza, ikawa 2.9. Jumanne tarehe 17 ilikuwa 4.8, bila dalili ya kuvuja. Alimruhusu aruke kidonge cha usiku mmoja, kisha akapunguza dozi hadi miligramu 4. Ijumaa tarehe 20 INR ilikuwa imeshuka hadi 3.4. Kidonge cha mwisho cha metronidazoli kilimezwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Daktari anayeandika kwa mazoea angeishia hapo: “INR 3.4, iko sawa, anaendelea na miligramu 4.” Na hapo ndipo mama huyu angeingia hatarini. Namba 3.4 ni nzuri kwa sababu metronidazoli bado imo mwilini. Katika siku zinazofuata itaisha, ini litarudia kasi yake, na miligramu 4 zitakuwa kidogo mno. Mwenyeji akiliona faili wiki 3 baadaye atakuta dozi mpya, atadhani kuna sababu ya kudumu, na ataiacha. Mabadiliko ya muda yaliyogeuka kuwa ya kudumu kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba ni ya muda ni miongoni mwa makosa yanayojificha kuliko yote, kwani kila ukurasa wa faili ukisomwa peke yake unaonekana sahihi.

Lokamu wetu ameandika hivi:

“Dozi ya miligramu 4 ni ya muda, kwa ajili ya metronidazoli iliyoisha tarehe 19. Dozi yake ya kawaida ni 5. INR ipimwe Jumanne tarehe 24. Mama ameambiwa aje asubuhi, muuguzi wa zamu anajua. Ikiwa 3.5 au chini, arudi 5 usiku huohuo na apimwe tena baada ya wiki. Ikiwa juu ya 3.5 lakini havuji, abaki na 4, apimwe Ijumaa tarehe 27. Ikiwa chini ya 2, naomba umpigie daktari wake wa moyo siku hiyohiyo. Vitamini K sikumpa kwa makusudi: hakuwa akivuja, na kwa mwenye vali ya chuma ingeweza kuishusha INR kupita kiasi. Ameelezwa kuangalia ufizi, mkojo na choo cheusi.”

Barua hiyo imebeba jambo ambalo faili halina: njia panda zijazo, na nini kifanyike kwenye kila moja. Mwenyeji bado ana uhuru wa kuamua vingine, kwa kuwa sababu zimewekwa mbele yake. Hata kile ambacho hakikufanyika, yaani vitamini K, kimetajwa, ili asidhani kilisahaulika.

Mgonjwa wa pili ni mama wa miaka 44 mwenye uvimbe mgumu wa karibu sentimita 3 kwenye titi la kushoto. Lokamu alimpeleka hospitali ya rufaa ya mkoa, na kinyama kikachukuliwa kwa sindano nene Alhamisi tarehe 12. Barua inataja namba ya maabara iliyoandikwa kwenye chupa, siku majibu yanayotarajiwa, yaani Alhamisi tarehe 26, na kwamba yasipofika muuguzi atapiga simu maabara asubuhi ya Ijumaa. Namba ya maabara ni jambo dogo linalookoa saa nzima za kutafutana. Majina ya watu wetu hufanana, huandikwa kwa tahajia tatu, na karani wa upande wa pili hawezi kupekua daftari kwa kuambiwa “ni yule mama wa Muheza.”

Kisha barua inaingia kwenye suala gumu zaidi: ikiwa jibu litasema si saratani, itakuwaje? Watu wengi, hata wahudumu wengine wa afya, wangemwita mama, wangempongeza na kufunga shauri. Lokamu ameandika kwamba kwa mkono uvimbe ulikuwa mgumu, kingo zake hazikuwa laini, na ngozi juu yake ilianza kuvutwa ndani. Jibu la “si saratani” halilingani na titi la namna hiyo. Sindano inaweza kupita pembeni ya penyewe. Kwa hiyo anaomba kinyama kirudiwe kama jibu litatofautiana na kile ambacho mkono umehisi. Maelezo haya yasingeweza kupatikana popote isipokuwa kwa aliyempima, naye ndiye anayeondoka.

Kuna mistari mingine 2 juu ya mama huyu. Mmoja unasema ameambiwa nini: kwamba saratani ni mojawapo ya mambo yanayotafutwa, kwamba haijathibitishwa, na kwamba alipoambiwa aliomba majibu apewe yeye mwenyewe, uso kwa uso, akiwa na dada yake. Mwingine unasema simu iliyoandikwa kwenye faili ni ya shemeji yake. Asipewe majibu huyo wala asidokezewe. Apigiwe na kuambiwa tu kwamba mama anatakiwa kliniki. Katika mji ambako simu moja hupokewa na watu watatu, mstari huo una uzito sawa na jibu lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na mtindo wa kupiga picha karatasi ya majibu na kuirusha kwenye kundi la wasapu la wafanyakazi unakwenda kinyume na ulinzi huo, hata kama nia ni njema.

Wa tatu ni kijana wa bodaboda, miaka 35. Amekohoa kwa wiki 4, anatokwa jasho usiku, suruali zinampwaya. GeneXpert ya tarehe 11 ilitoka hasi, na kipimo cha virusi vya ukimwi pia hasi, lakini picha ya kifua ina kivuli juu kulia. Jibu hasi la mashine halifuti kifua kikuu, hasa pale bakteria walipo wachache kwenye makohozi au kijana alipotema mate badala ya makohozi. Sampuli ya pili ilipelekwa kuoteshwa Jumatatu tarehe 16, na siku hiyo uzito wake ulikuwa kilo 58. Amepewa amoksisilini.

Hapa barua ina katazo: akirudi bado anakohoa, asipewe levofloksasini wala siprofloksasini kama antibiotiki ya kujaribu. Dawa hizo huwapiga bakteria wa kifua kikuu kwa kiasi. Kijana atapata nafuu ya wiki chache, kila mtu atatulia, ugonjwa utaendelea chini kwa chini, na bakteria waliobaki wanaweza kujenga usugu. Mwenyeji anaijua kanuni hii vizuri. Asichokijua ni kwamba kijana huyu ndiye inayemhusu, kwa sababu kwenye faili neno linalomrukia machoni ni “hasi.” Mstari unaofuata unataka apimwe uzito Jumatano tarehe 25. Akiwa chini ya kilo 58 na bado anakohoa, wiki 6 zisisubiriwe. Aende kliniki ya kifua kikuu na picha yake mkononi, waamue kumtibu kwa dalili. Nyumbani ana mtoto wa miaka 2, naye aulizwe habari zake.

Mgonjwa wa nne anachukua mistari 3 tu, ila ndiye rahisi kusahaulika. Ni mzee wa miaka 58 mwenye kisukari na presha, aliyeanzishiwa enalaprili tarehe 12. Dawa hiyo hulinda figo za wengi na kuwasumbua wachache, na namna ya kuwajua wachache hao ni kupima kreatinini na potasiamu wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza. Kreatinini yake ya awali ni 98. Ikipanda hadi 127 hivi, yaani asilimia 30, dawa inaweza kuendelea. Ikipita hapo, au potasiamu ikipita 5.5, ni wakati wa kuifikiria upya. Kikwazo ni kwamba damu hiyo haijachukuliwa bado. Hakuna chupa maabara, hakuna karatasi, hakuna mtu atakayepiga simu kuuliza kwa nini majibu hayajachukuliwa. Kipimo ambacho bado ni wazo tu kichwani mwa daktari huondoka naye asipokiandika, na kwenye barua kinapaswa kukaa pamoja na vile vilivyokwisha kutumwa, kikiwa na siku yake: tarehe 26.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba maelezo ya wote 4 yana umbo moja. Kuna hali ilivyo, kinachosubiriwa na siku yake, la kufanya jibu likiwa hivi au vile, jina la wa kufuatilia, na kile mgonjwa alichoambiwa. Umbo hilo lina ndugu zake katika mifumo iliyojaribiwa. Mmoja unaitwa I-PASS, uliowekwa katika hospitali 9 za watoto huko Marekani na Kanada na matokeo yake kutolewa mwaka 2014. Katika wagonjwa 10,740 waliolazwa, makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 baada ya madaktari wa zamu kufundishwa kukabidhiana kwa mpangilio. Hatua ya mwisho ya mfumo huo ni ya anayepokea: anarudia kwa maneno yake alichoelewa, na anayekabidhi anamsahihisha.

Karatasi haiwezi kurudiwa kwa maneno. Kwa hiyo barua ya lokamu, hata ikiwa nzuri kiasi gani, huhitaji simu ya dakika 10 Jumatatu asubuhi. Katika simu hiyo ndipo mwenyeji huuliza, “Huyu wa vali, umesema arudi 5 usiku huohuo hata ikiwa 2.6?” na lokamu hujibu, “Ndiyo, Daktari, maana itaendelea kushuka.” Ndipo pia huonekana yale ambayo kalamu ilisita kuyaandika: kwamba mume wa mgonjwa fulani hataki apelekwe rufaa, au kwamba mtu alikubali dawa kwa mdomo tu na huenda hajaimeza.

Kuna mtego mmoja ambao hata barua nzuri hauzuii, nao huanza siku ya kwanza ya lokamu. Kila fomu ya maabara ina nafasi ya jina la daktari aliyeagiza na simu yake. Lokamu akiandika jina lake na namba yake, jibu la hatari, kama potasiamu iliyopanda mno, litamfuata yeye usiku wa manane akiwa kwenye ajira nyingine Singida au Mtwara. Zahanati inayojipanga humpa lokamu muhuri wenye simu ya kituo na kumtaka auweke kwenye kila fomu. Pia huweka daftari moja la vipimo vinavyosubiriwa, likae mezani kwa muuguzi, si kwenye begi la daktari. Mstari haukatwi kwa sababu karatasi imefika. Hukatwa pale jibu limesomwa na daktari, mgonjwa ameambiwa, na hatua iliyochukuliwa imeandikwa kwenye faili.

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika daftari hilo. Watu wengi huamini kwamba wasipopigiwa simu majibu ni mazuri, na wakati mwingine ni daktari aliyewaambia hivyo. Wagonjwa wetu 4 walipewa kila mmoja kikaratasi chenye siku na jina la kipimo, na maneno kwamba siku hiyo ikipita kimya waje wenyewe kuuliza. Mama wa titi alipewa namba ya maabara pia, akaikunja ndani ya kadi yake ya bima. Yule mzee wa enalaprili alisoma kikaratasi chake, akauliza kama tarehe 26 aje bila kula. Muuguzi akamjibu kwamba kwa kipimo hicho anaweza kunywa chai yake kama kawaida.